Somo: Protini unayopata kwa kila shilingi elfu moja ya dagaa, maharage, mayai na nyama

Bei ya kilo peke yake hupotosha. Dagaa wa Mwanza wa shilingi 12,000 kwa kilo huonekana ghali kuliko nyama ya ng'ombe ya shilingi 11,000, ilhali zaidi ya nusu ya uzito wa kilo ile ya nyama ni maji na robo yake yaweza kuwa mfupa. Bei nitakazotumia ni za mfano tu. Weka za soko lako.

Hatua ya kwanza: pima kinacholiwa. Nyama mchanganyiko ya kilo moja ikitoa gramu 250 za mfupa, hubaki gramu 750. Maharage makavu yaliyochambuliwa hayapotezi kitu cha kuhesabika, na mayai huhesabiwa kwa idadi. Kazi iko kwa dagaa. Nilichukua nusu kilo, nikawapepeta wakiwa wakavu kwenye chekecheke juu ya gazeti, kisha nikatoa vichwa na matumbo. Mchanga na vipande vilikuwa gramu 20, vichwa na matumbo gramu 80, kwa hiyo sehemu moja ya tano ya fedha yangu iliishia jalalani. Usiwapime baada ya kuwaosha, kwa sababu hunywa maji na mizani itakuonyesha faida isiyokuwepo.

Hatua ya pili: zidisha kwa kiwango cha protini. Kwa kila gramu 100, dagaa waliokauka vizuri wana takriban gramu 60, maharage makavu 22 na nyama mbichi isiyo na mfupa 20. Yai moja la kawaida lina kama gramu 6.

Hatua ya tatu: gawanya kwa bei, kisha zidisha kwa 1,000. Kilo ya dagaa waliosafishwa hubaki gramu 800, zenye protini gramu 480. Ukigawa kwa shilingi 12,000 unapata gramu 40 kwa kila elfu moja. Maharage ya shilingi 3,000 kwa kilo hutoa 73, mayai ya shilingi 350 kila moja hutoa 17, na nyama yetu hutoa kama 14.

Hatua ya nne, ambayo wengi huiruka: hesabu moto na mmeng'enyo. Kilo ya maharage ikila mkaa wa shilingi 1,000, bei yake halisi ni 4,000, na zile 73 hushuka hadi 55. Tena mwili hautumii protini yote ya maharage kama unavyotumia ya samaki au yai. Mimi huhesabu robo tatu yake, hivyo hubaki kama 41. Dagaa, ambao huiva kwa dakika chache, sasa wanakaribia kulingana nayo. Anayeloweka maharage usiku kucha na kupika mengi kwa mara moja hupunguza gharama ya mkaa, na kwake maharage hubaki mbele.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, huku kwetu dagaa huuzwa kwa kopo. Nitajuaje bei ya kilo?*

Nunua kopo moja, ulipime kwenye mizani ya duka la jirani, kisha ugawanye bei kwa gramu na uzidishe kwa 1,000. Angalia kitako cha kopo, kwani mengine yamebonyezwa kwa ndani. Vunja pia dagaa mmoja: akikatika kwa mlio ni mkavu, akipinda umeuziwa maji, na ile 60 haimfai tena.

*Nimesoma kwamba maharage yana protini gramu 9 tu. Nani mkweli?*

Wote wawili, dada. Hiyo 9 ni ya gramu 100 za maharage yaliyopikwa, ambayo yamekwisha kunywa maji. Linganisha kikavu kwa bei ya kikavu.

*Je, tuiache nyama kabisa?*

Kwa protini peke yake, ndiyo kitu cha kwanza kupunguzwa. Hata hivyo madini yake ya chuma hufyonzwa kwa urahisi, na kipande kidogo ndani ya sufuria ya maharage husaidia mwili kufyonza hata chuma cha maharage. Robo kilo iliyokatwa ndogondogo humo inafaa kuliko robo kilo ya kukaanga.

*Mjukuu wangu ana mwaka mmoja. Nimpe yai au dagaa?*

Mama, chagua dagaa wasio na chumvi, wasafishe, waoshe na uwaanike tena, kisha watwange na uchekeche unga ili miiba isibaki. Gramu 10 za unga huo zina protini karibu sawa na yai moja, na kwa hesabu yetu zinagharimu shilingi 150 badala ya 350. Uchanganye katika uji na uache uchemke, usiunyunyize juu ukiwa mbichi.