Jinsi ya kuandika hadithi fupi ya vijana yenye mhusika aliyepoteza upande mmoja wa kuona baada ya kiharusi

Hii ni ya wale wanaotaka kuandika hadithi fupi ya vijana, tuseme miaka 13 mpaka 17, ambayo mhusika wake amepata kiharusi na kimemwachia shida ya kuona upande mmoja. Mi mchana kazi yangu ni kuwasaidia watu waliopata kiharusi wajifunze upya kusoma na kutembea, usiku ndo naandika, na drafti nyingi ninazoletewa zinaharibika palepale, yaani mwandishi anaweka giza mahali ambapo hakuna giza. Tutatengeneza mhusika mmoja, tumwite Riziki, miaka 15, na nitakuwekea vipande vya hadithi yake tukiendelea.

Hatua ya 1: Chagua upande, chagua sababu, usibadilishe tena

Kabla ya sentensi ya kwanza amua, amepoteza kushoto au kulia? Sehemu ya ubongo inayopokea picha iko nyuma kabisa, huku kisogoni, na kila nusu yake inashughulika na upande wa pili. Kiharusi kikipiga kisogo cha kulia, kinachopotea ni kushoto, tena kushoto kwa macho yote mawili. Macho yenyewe ni mazima, ndo maana miwani ya kawaida haisaidii kitu. Madaktari wanaita hemianopia.

Halafu msomaji atauliza tu, mtoto wa miaka 15 kiharusi kimetoka wapi? Vijana wanapata, kuna selimundu, kuna matatizo ya moyo, na kuna hii ninayompa Riziki: mshipa wa shingo kuchanika. Anacheza mpira, anagongana na mwenzake, shingo inageuka vibaya, ukuta wa ndani wa mshipa unaopanda nyuma ya shingo unachanika kidogo, damu inaganda pale, siku kadhaa baadaye kibonge kinapanda na kuziba mshipa unaolisha kisogo. Kwa hiyo hadithi yako inaanza na maumivu ya shingo na kisogo ambayo kila mtu anayadharau, sio na mtu kuanguka ghafla. Ila ujue umejifunga hapo, mshipa ukichanika madaktari huzuia michezo ya kugongana kwa miezi, kwa hiyo ile sini ya mwisho ya yeye kufunga goli sahau.

Riziki amepoteza kushoto. Kaandike ukutani.

Hatua ya 2: Futa neno giza kwenye drafti yote

Angalia mbele, usigeuke, sasa niambie nyuma ya kichwa chako unaona nini. Sio nyeusi. Hakuna kitu, na hata hukuwa unawaza kwamba hakuna kitu mpaka nilipokuuliza. Upande wa kushoto wa Riziki uko hivyohivyo. Haoni pazia wala ukungu, vitu havipo tu, kisha ghafla vinakuwepo vikishafika karibu mno.

Kwa hiyo usiandike "upande wa kushoto ulikuwa mweusi". Andika:

*Mlango haukuwepo. Halafu ukawepo, begani.*

Kuna watu wanakushauri ubandike karatasi nusu ya miwani utembee nayo ili uhisi. Mi siipendi hiyo, kwa sababu karatasi inakaa na kichwa, ukizungusha macho unaona ilipoishia, unaichungulia. Kwa Riziki pengo linakwenda na macho, popote anapotazama pengo linaanzia hapohapo katikati. Akikutazama puani, nusu ya uso wako haipo.

Na kitu kimoja ambacho waandishi wengi hawakijui, siku za mwanzo wengine huona vitu kwenye ule upande uliopotea, vimulimuli, michoro, mara nyingine hata sura za watu. Sio wazimu, ni ubongo ambao hauletewi picha unajitengenezea zake. Kijana wa miaka 15 hiyo kitu hamwambii mtu. Una ukurasa mzima hapo bila jasho.

Hatua ya 3: Sini ya kugundua

Karibu kila mtu mwanzoni anasema jicho langu la kushoto limeharibika, na Riziki pia aseme. Mpe kioo, au mpe daktari anayenyoosha vidole pembeni, halafu mwache ajipime mwenyewe:

*Akaziba jicho la kushoto kwa kiganja. Dirisha likabaki, kabati halikuwepo. Sawa, si nilisema. Akaziba la kulia ili aone ubaya wa lile bovu. Dirisha likabaki. Kabati halikuwepo.*

Angalia kwamba sijaeleza chochote. Msomaji anaona mwenyewe kuwa tatizo haliko kwenye jicho, maelezo ya ubongo daktari anaweza kuyatoa sentensi mbili baadaye. Ukimpeleka kwenye mashine ya kupima, ni ile ya kutazama kidoa katikati na kubonyeza kitufe kila ukiona taa ndogo. Usimwonyeshe akikosa taa, taa ambazo hazioni hajui kama zimewaka. Mwonyeshe akingoja, akidhani mashine imekwama.

Hatua ya 4: Mpe kosa la kusoma, hapa ndo hadithi inaposimama

Aliyepoteza kulia anasoma polepole kwa sababu haoni neno linalofuata na miisho ya maneno inamkatikia. Aliyepoteza kushoto shida yake ni kurudi mwanzo wa mstari na kukosa herufi za kwanza za neno. Sasa kwa lugha yetu kukanusha kunakaa wapi? Mwanzoni kabisa, kushoto. Mi nikiona hivyo naona ploti.

Rafiki yake Tausi anamtumia meseji: *hatutakusubiri getini tunatoka mapema.* Jicho la Riziki linatua kwenye herufi ya tatu, kushoto kwake panafutika, anasoma *tutakusubiri getini*. Anaenda getini. Anasimama mpaka watu wanaisha. Kesho yake anawanunia, Tausi anashangaa, anamwonyesha meseji, Riziki anaisoma tena mbele yake na bado inasema tutakusubiri, wanakaribia kugombana kweli, mpaka Tausi anaweka kidole ukingoni mwa skrini, anasema anzia hapa.

Kwa nini hakushtuka? Kwa sababu alichobakiwa nacho ni neno zima lenye maana. Ndo maana chagua kitenzi chako vizuri. Wakati ujao unafanya kazi, hatutaenda inabaki tutaenda, hutafeli inabaki utafeli. Lakini *hawachezi* ukiikata inabaki *wachezi*, na hata mtu aliyechoka atajua kuna kitu kimekosekana, atarudi kuangalia. Usitumie huu ujanja mara tatu kwenye hadithi moja, mara moja inatosha, ya pili iwe yeye kajishtukia mwenyewe.

Hatua ya 5: Onyesha anavyojifunza, kwa vitendo sio kwa hotuba

Kujifunza kwenyewe ni kuzungusha macho kwenda upande usioonekana, kwa makusudi, mara nyingi, mpaka izoeleke. Mwanzoni macho ya watu hawa yanaenda kushoto kwa hatua fupifupi kama mtu anayepapasa ngazi gizani, na vitu vinawapita. Anachofundishwa ni kuruka mara moja, mbali, kupita hata pale anapodhani kitu kipo, halafu arudi nacho. Wengi wanageuza kichwa tu na macho yanabaki mbele, inachosha shingo na haimpeleki mbali, kwa hiyo mwalimu wake atakuwa anarudia macho kwanza, kichwa baadaye.

Kwenye hadithi hiyo inakuwa mezani, vitu vimetawanywa, anatakiwa avitaje vyote bila kugusa. Wiki ya kwanza anataja vya kulia na anasema nimemaliza. Hiyo "nimemaliza" ina uzito kuliko kilio cha kurasa mbili. Kusoma mpe rula ya rangi kali au mstari mwekundu pembeni kushoto mwa ukurasa, na sheria moja, usianze mstari mpya mpaka umeuona mwekundu.

Achoke. Sini moja tu ya watu wengi, korido wakati wa kutoka darasani, halafu kichwa kinamuuma na anataka kulala saa nane mchana, na mama anadhani ni uvivu.

Kuhusu kupona, kuna kuona kunakorudi kwenyewe, zaidi wiki na miezi mitatu hivi ya mwanzo, baada ya miezi sita ni nadra kurudi kukubwa. Hadithi yako ikichukua mwaka na mwishoni anaamka anaona kote, umemdanganya mtoto ambaye pengine ana hali hiyohiyo. Kinachoendelea kuwa bora baada ya hapo ni ule ujuzi wa kuzungusha macho.

Hatua ya 6: Mpangilio wa watu

Darasani Riziki anafaa kukaa mwisho wa kushoto, ili darasa zima liwe kulia kwake. Hii itamtenga na dawati alilokaa na Tausi, kwa hiyo ugomvi mdogo unao tayari.

Kutembea ndo kutamu zaidi. Tausi akitembea kushoto kwake anamkinga asigonge watu, lakini Riziki anaongea na mtu asiyemwona, na Tausi anaongea na mtu asiyemtazama. Akitembea kulia wanaonana, ila kushoto hakuna mlinzi. Waache wabishane, wakosee, mpaka wapate utaratibu wao, penye watu kushoto, pakiwa wazi kulia, bila mtu yeyote kusema neno urafiki.

Usimchanganye na mgonjwa wa aina nyingine anayeacha chakula nusu ya sahani na haamini kabisa kuna kitu kimebaki hata ukimwambia. Huyo ubongo wake umeutupa upande mzima, ni tatizo tofauti ingawa mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili. Riziki ukimwambia angalia kushoto, anaangalia, anaona, anakasirika.

Hatua ya 7: Kagua kwa kalamu

Printi drafti. Kila kitu kilichoko kushoto kwa Riziki kipigie mstari. Sasa kwa kila mstari uliza, alikionaje? Lazima kabla yake kuwe na mojawapo ya haya: amezungusha macho, amegeuka, amesikia, ameguswa, au kimemgonga. Kama hakuna, kifute au mpe njia ya kukijua. Hapo ndo utakuta umeandika "Tausi alitabasamu" wakati Tausi yuko kushoto na Riziki anatazama mbele, badilisha iwe sauti. Ukimaliza rudia ukurasa wa mwisho peke yake, kwa sababu tukifika mwisho tunalegea na mhusika anaanza kuona kila kitu.