Kusoma slaidi ya rigresheni: mfano wa umbali wa shule na utoro

Wanafunzi wa sosholojia na maendeleo ya jamii ninaowasaidia hapa Tanga wengi wanajua kubonyeza kompyuta mpaka mstari wa rigresheni utokee. Kasheshe huanza slaidi ikiwa ukutani na mhadhiri akasema, "Haya, tuelezee." Tuchukue slaidi moja tuisome yote. Namba nimezitunga kwa ajili ya somo, si matokeo ya utafiti wa mtu.

Tuseme una wanafunzi 120 wa sekondari moja ya kutwa upande wa Mikanjuni. Kwa kila mmoja umeandika umbali wa nyumbani hadi shule kwa kilomita, na siku alizokosa shule katika muhula mmoja. Wa karibu kabisa anakaa nusu kilomita, wa mbali kabisa kilomita 7. Excel imechora vitone, ikapitisha mstari na kuandika:

```
y = 1.4x + 3.2
R² = 0.22
```

Hatua ya 1: anza na mihimili. Mhimili wa chini, x, ni kilomita. Wa wima, y, ni siku za utoro. Usipojua vipimo hivi, namba zote zinazofuata ni maneno matupu.

Hatua ya 2: mteremko. Ni namba iliyoshikana na x, yaani 1.4. Isome hivi: ukilinganisha wanafunzi wanaopishana kilomita moja, anayekaa mbali zaidi hukosa, kwa wastani, siku 1.4 zaidi kwa muhula. Maneno "kwa wastani" usiyaache. Pia usiseme kila kilomita "inasababisha" utoro. Huenda familia zinazoishi pembezoni ndizo zenye kipato kidogo, na mtoto anabaki nyumbani kwa kukosa nauli ya daladala au kwa kusaidia biashara. Mstari huu hauwezi kutenganisha hayo.

Ukubwa wa mteremko nao usikutishe wala kukudanganya. Ukipima umbali kwa mita badala ya kilomita, 1.4 itageuka 0.0014, na hakuna mwanafunzi aliyehama nyumba. Ndiyo maana mteremko usiotajiwa kipimo hauna maana.

Hatua ya 3: namba ya kuanzia. Hiyo 3.2 ni utoro unaokadiriwa x ikiwa sifuri, yaani mtoto anayeishi mlangoni mwa shule. Hapa inaeleweka, kwa sababu data zinaanzia nusu kilomita. Lakini ungetumia umri wa miaka 13 hadi 19 badala ya umbali, namba hiyo ingezungumzia utoro wa mtoto mchanga! Ikitokea hivyo, toa 13 kwenye kila umri kabla ya kuchambua. Mteremko utabaki uleule, na namba ya kuanzia itamhusu mwanafunzi wa miaka 13.

Upande wa mbali nao una mpaka wake. Mtoto wa kilomita 5 tunamkadiria siku 3.2 + (1.4 × 5), yaani 10.2. Wa kilomita 15, njia ya Tongoni, hesabu itakupa 24.2, ila hiyo usiipeleke mbele ya darasa. Hakuna mwanafunzi wa umbali huo kwenye data zako, na wanaotoka mbali namna hiyo mara nyingi hupanga geto karibu na shule.

Hatua ya 4: R mraba. Hapa ndipo wengi huteleza. 0.22 haimaanishi kwamba mstari "uko sahihi kwa asilimia 22", wala kwamba asilimia 22 ya watoro wanakaa mbali. Wanafunzi wanatofautiana kwa siku za utoro: huyu hakukosa hata moja, yule kakosa 18. Katika tofauti hizo, zikipimwa kama varayansi, asilimia 22 inaenda sambamba na umbali. Asilimia 78 imebaki kwenye mengine: maradhi, ada za michango, hedhi, mvua za masika, na bahati tu.

Angalia vitone juu ya kilomita 5 utaliona hilo kwa macho. Mstari unasema 10.2, lakini mmoja yuko 4 na mwingine 16. Mteremko unafaa kuzungumzia kundi; kumtabiri mtoto mmoja kwa jina ni kujitafutia aibu. Na usione haya kwa 0.22. Kwa data za mtu mmoja mmoja katika sayansi ya jamii, ni kawaida kabisa.

Hatua ya 5: kama slaidi imetoka SPSS. Namba ya kuanzia iko mstari wa `(Constant)`, na mteremko uko safu ya `B`. Pembeni kuna safu ya `Beta`, yaani mteremko uleule uliovuliwa vipimo, hauna kilomita wala siku. Ukiwa na x moja tu, Beta ikizidishwa kwa yenyewe hutoa R mraba: hapa 0.47 × 0.47 ni takriban 0.22. Kwa hiyo mwenzako akisema "kila kilomita inaongeza siku 0.47", mwambie arudi safu ya `B`.