Kenchi za chuma za ukumbi wa mita 12: anza na bati, usianze na kenchi

Kijana niliyemfundisha kuchomelea alipata kazi ya ukumbi pale Ihumwa, nje kidogo ya Dodoma mjini. Akanipigia simu siku ya tatu: "Mzee, kenchi ya kwanza imekataa kulala chini. Ncha zote mbili zimeinuka." Nilijua kabla hajamaliza kueleza, kwa sababu na mimi kosa hilo lilinila siku mbili nzima miaka ya nyuma. Nilienda, tukakaa naye mpaka kenchi ya tisa. Haya ndiyo tuliyofanya.

Ukumbi una upana wa mita 12 na urefu wa mita 24. Mhandisi alitoa mchoro wa kenchi ya pembetatu yenye mwinuko wa nyuzi 15. Rafta, yaani paipu za juu zenye mteremko, na tai bimu, paipu ya chini inayolala, ni skwea paipu ya 50 kwa 50 yenye unene wa milimita 3, na strati, vipande vya kati vinavyoziunganisha, ni 40 kwa 40 ya milimita 2. Ukumbi wako ukiwa mpana zaidi, usichukue saizi hizi. Tafuta mhandisi akupigie hesabu.

Hatua ya 1: Gawa papi kabla ya kukata chuma chochote

Mafundi wengi hutengeneza kenchi kwanza, halafu wakiwa juu ndipo wanajiuliza papi zinazobeba bati zikae wapi. Ni kinyume. Bati ndilo linaloamua umbali wa papi, papi zinaamua strati zikae wapi, na kenchi inafuata.

Kwa bati la geji 28 napenda papi zisizidi mita 1 na nukta kidogo. Nusu ya ukumbi ni mita 6, na kwa nyuzi 15 urefu wa rafta kutoka ukutani hadi kileleni unakuwa mita 6.21. Ukigawa kwa 6 unapata sentimita 103 na nusu kila papi. Ukiishusha hesabu hiyo kwenye tai bimu inakuwa mita 1 kamili kila hatua. Strati za wima zinasimama kila mita 1, na vimo vyake vinapanda kwa sentimita 26.8 kila hatua: 26.8, 53.6, na kuendelea hadi kingiposti, strati ya katikati chini ya kilele, ya sentimita 161. Hesabu hii ukiiandika ukutani kwa chaki, kijana yeyote anakata bila kuuliza.

Sababu ya kuhangaika hivi ni kwamba kila papi lazima ikanyage juu ya kiungo, pale strati inapokutana na rafta. Hapo mzigo unashuka moja kwa moja kwenye strati. Papi ikikaa katikati ya viungo viwili, rafta inageuka kuwa daraja. Niliwahi kufanya kazi ambayo mwenye jengo alibadilisha bati kuwa jembamba baada ya kenchi kukamilika, nasi tukasogeza papi ziwe sentimita 90 bila kugusa kenchi. Rafta ilikuwa ya 40 kwa 40 ya milimita 1.5. Miezi michache baadaye, ukisimama mlangoni na kuangalia rafta kwa jicho moja, uliona mawimbi, na skrubu za bati zilikuwa zimeanza kulegea.

Umbali kati ya kenchi na kenchi nao una siri yake. Zedi tunazouziwa, ambazo ndizo papi zetu, zina urefu wa mita 6. Ukiweka kenchi kila mita 4, kiungo cha zedi kinaangukia hewani, au unakata na kutupa. Kila mita 3, zedi moja inavuka nafasi mbili za kenchi na kuishia juu ya kenchi bila mabaki. Ndiyo maana ukumbi wa mita 24 una kenchi 9.

Hatua ya 2: Kata

Jambo moja tu. Rafta yenyewe, na zaidi ikiongezwa upenu wa sentimita 60, inazidi paipu moja ya mita 6, kwa hiyo kuna kipande cha kuunga. Weka kiungo hicho karibu na kileleni, kamwe usiweke karibu na ukuta. Pale ukutani ndipo rafta inapobanwa kuliko mahali pengine pote.

Hatua ya 3: Kuunga na kuchomelea

Hapa ndipo kazi ilipo.

Tumia jamvi la zege la ukumbi wenyewe kama meza. Chora kenchi nzima kwa kamba ya chokaa, kisha tia vipande vya engo kila upande wa mstari na uvifunge kwa bolti za kupanua ndani ya zege. Katikati ya tai bimu inua mchoro kwa sentimita 2, kwa sababu mishono yote ya strati iko upande wa juu wa tai bimu, na mshono ukipoa unavuta. Usipoinua, tai bimu inatoka na tumbo kabla hata haijabeba bati. Kenchi zote tisa zitoke kwenye kalibu hii. Ukinakili kenchi ya pili juu ya ya kwanza, ya tatu juu ya ya pili, kosa la milimita 3 linafika ya tisa likiwa sentimita.

Mwelekeo wa strati za mshazari wengi huukosea. Kwenye kenchi ya pembetatu, mshazari uanzie chini upande wa ukuta na uinuke kuelekea kileleni. Ukikaa hivyo unavutwa, na chuma chembamba kinapenda kuvutwa kuliko kubanwa. Ukiugeuza unabanwa, na paipu ndefu ya milimita 2 inaweza kujipinda.

Mistari ya katikati ya paipu zinazokutana ipite kwenye nukta moja. Strati zikiachana kwa sentimita 8 kwa sababu tu ni rahisi kuchomelea, umeunda wenzo unaoipinda rafta. Acha nafasi ya sentimita moja au mbili tu kati ya kisigino cha mshazari na cha wima ili rodi ipite.

Ncha ya strati ikae vizuri, mwanya usizidi milimita 2. Kijana wangu alikuwa na ncha moja yenye mwanya wa karibu sentimita, akaingiza kipande cha nondo ya milimita 8 na kufunika kwa mshono mzuri unaong'aa. Nilikata kwa grainda mbele yake: nondo ilikuwa imeshikwa upande mmoja tu, upande wa pili ilitoka kwa kidole. Mwanya mkubwa maana yake kata strati nyingine.

Rodi: 6013 ya milimita 2.5, ampea kati ya 70 na 85 kwa paipu hizi. Rodi ya 3.2 inatoboa strati ya milimita 2, na fundi akishatoboa anaanza kujaza, na joto linazidi. Mshono uzunguke paipu pande zote nne. Vitone vinne pembeni ni vya kushikilia tu.

Sasa kosa lenyewe. Kijana alishikiza vitone upande wa juu, kisha akachomelea viungo vyote upande huo huo, kuanzia ukuta mmoja hadi mwingine, ndipo akataka kuigeuza. Kila mshono ukipoa unafupisha uso wa juu kidogo tu, lakini viungo ni zaidi ya ishirini, na vyote vinavuta upande mmoja. Kenchi ikakunjika kama upinde uliolala. Tulivuta kamba kutoka kisigino hadi kisigino: katikati ilikuwa imekwenda milimita 45. Mimi sikubali zaidi ya 10. Kenchi iliyopinda hivyo ukiisimamisha, rafta inataka kulalia ubavuni, na papi haziifikii bila kulazimishwa. Tulikata viungo sita kwa grainda, tukaibana kwenye kalibu, tukarudia.

Utaratibu unaofanya kazi ni huu. Shikiza viungo vyote kwanza, bila kumaliza hata kimoja. Pima kutoka kileleni hadi kila kisigino, vipimo vilingane. Igeuze kenchi na ushikize upande wa pili pia. Kisha anza kiungo cha katikati, ruka kimoja kushoto, kimoja kulia, ukienda nje, ukichoma nusu tu ya viungo. Igeuze, maliza upande wa pili wote, halafu urudi kwenye nusu iliyobaki. Kugeuza mara tatu kunachosha, kwani kenchi ina uzito wa kilo 170 hivi na unahitaji watu sita. Bado ni nafuu kuliko grainda. Na usimwagie maji mshono ili upoe haraka. Unaufanya uwe mgumu na rahisi kupasuka.

Hatua ya 4: Kutu

Watu husema Dodoma ni kukavu, kutu si tatizo. Mvua zetu ni za Desemba hadi Aprili, kweli, lakini kutu haihitaji mvua ya mwaka mzima. Inahitaji mahali maji yanapokaa.

Mahali pa kwanza ni ndani ya paipu. Ziba kila ncha kwa bamba na mshono kamili, hasa ncha ya upenu. Ncha iliyofunikwa kwa vitone ni mbaya kuliko iliyo wazi, maana maji yanaingia na hayatoki.

Mahali pa pili ni chini ya ganda la mshono. Rangi inashika ganda, ganda linabanduka, na chuma kinabaki uchi. Gonga kwa nyundo mpaka mlio ubadilike, kisha brashi ya waya kwenye grainda mpaka uone chuma cheupe, ndipo redi oksaidi mikono miwili na rangi ya mafuta juu yake. Paka asubuhi, umande ukishakauka. Mchana chuma kilichoanikwa juani kinakuwa cha moto, rangi inakauka kabla haijashika na inatoa malengelenge, na jioni upepo unaleta vumbi. Paka kenchi zikiwa chini. Juu ya ngazi hakuna anayepaka upande wa nyuma.

Zedi za mabati usizichomelee kwenye rafta. Moto unaunguza zinki, moshi wake unaumiza kifua, na hapo hapo ndipo kutu itaanza. Chomelea kipande cha engo kwenye rafta kabla ya kupaka, kisha zedi ifungwe kwa bolti mbili za milimita 12. Mdomo wa juu wa zedi uangalie kileleni.

Hatua ya 5: Kuinua

Kisigino kimoja kikae kwenye matundu marefu juu ya ringi bimu. Jua letu linarefusha chuma cha mita 12 kwa milimita kadhaa. Bolti za kushikilia ziwe zimemwagiwa zege ndani ya ringi bimu, maana upepo wetu unainua. Upepo ukiinua paa, tai bimu ndiyo inayobanwa, kwa hiyo unganisha tai bimu za kenchi zote kwa mistari mitatu ya engo kwa urefu wa ukumbi, na funga misalaba kwenye nafasi za mwisho kati ya kenchi kabla ya bati la kwanza.

Tulirudi Ihumwa baada ya mvua kwisha. Mistari yote imenyooka. Kutu tuliiona sehemu moja, pale fundi wa gata alipochomelea vishikizo vyake kwenye ncha za rafta baada ya sisi kuondoka na kuacha mishono bila rangi. Tulisugua, tukapaka, na vishikizo sasa vimefungwa kwa bolti.