Mihogo, magimbi, viazi vikuu na viazi vitamu kwenye picha ya sokoni: angalia ncha kabla ya rangi

Juzi kati kijana mmoja wa huku Kilimanjaro alinitumia picha Wasap, kaipiga soko la Mwika, mafungu manne yamepangwa chini ya turubai la bluu, yote yana udongo, hakuna hata kimoja kilichomenywa. Swali lake lilikuwa fupi: "Shikamoo bwana shamba, hili fungu la kushoto ni muhogo au nini? Nataka kununua nikapande." Nikamjibu marahaba, nikamwambia asitoe hela kwanza, anitumie picha nyingine tatu. Maana kwa ile ya kwanza watu wanne kwenye grupu letu walishasema ni muhogo, na mimi sikukubaliana nao ila sikuwa na uhakika bado.

Kilichowaponza kwanza ni rangi. Udongo wetu huku ni mwekundu, ukishika kwenye ganda kila kitu kinaonekana kahawia-nyekundu, na kivuli cha turubai la bluu ndo kinaharibu zaidi kwa sababu kiazi kitamu chekundu kinaonekana kama cheusi na muhogo unaonekana kijivu. Kwa hiyo rangi ya ganda kwenye picha iache iwe kitu cha mwisho kabisa kuangalia. Kitu cha kwanza ni ncha mbili, yaani pale kilipokuwa kimeshikana na mmea na pale kilipoishia. Ncha hazidanganyi kirahisi, maana hivi vitu vinne havikui kwa namna moja huko chini.

Chukua muhogo. Ule ni mzizi kabisa uliovimba, umetoka kwenye shina gumu kama mti, kwa hiyo upande wa juu una shingo yenye miti-miti ndani na mara nyingi unaona alama ya panga pale walipoutenganisha na shina. Upande wa pili unachongoka kama mkia, ila mkia huwa umekatika kwenye kubebwa. Katikati hapo hakuna macho wala vichipukizi, ganda tu la kahawia jembamba linalobanduka vipande vipande kama karatasi iliyokauka, na pale lilipobanduka kwa kusuguana kwenye gunia unaona chini yake ganda la pili, jeupe au la pinki. Hilo ganda la pili ndo alama yangu kubwa ya muhogo, nikiliona kwenye picha hata sehemu ndogo ya ukubwa wa ukucha, basi nimemaliza.

Gimbi ni kitu kingine kabisa. Watu wanasema mzizi lakini ni shina lililovimba chini ya udongo, na shina lina alama za majani yaliyodondoka, ndo maana gimbi lina pete zinazolizunguka kuanzia juu mpaka chini, zimepishana kwa nafasi zinazokaribiana, na kwenye hizo pete kuna nyuzi nyuzi za kahawia kama manyoya. Juu kabisa unakuta pamekatwa bapa, na mara nyingi wamebakiza vishina vya majani, vyeupe au vyenye wekundu kidogo. Ukiona pete na kichwa bapa usijiulize mara mbili. Tahadhari hapa ni moja tu, muhogo nao karibu na shingo una mikunjo inayokwenda mviringo, na mtu akiikata picha akabakiza hiyo sehemu peke yake anaweza kusema gimbi. Tofauti ni kwamba mikunjo ya muhogo haina manyoya na haiendelei mwili mzima.

Kiazi kitamu sitakaa sana, wengi mnakijua. Kimechongoka pande zote mbili, na kila ncha ina kamzizi kembamba kama kamba, ganda laini kuliko wenzake wote, na juu ya ganda kuna vidimbwi vidogo visivyo na kina ambavyo vijimizizi hutokea hapo, ukivifuatisha kwa jicho unaona vimekaa kwa mistari kutoka ncha mpaka ncha. Kinachochanganya ni kile kikubwa cha ganda la krimu kikiwa na tope, kinafanana na muhogo mfupi mnene, lakini tafuta kile kikamba cha nchani, muhogo hauna hicho.

Sasa kiazi kikuu ndo chenye shida, na ndicho kilichokuwa pale kushoto. Hiki hakina umbo. Kinaweza kuwa kirefu kama muhogo, kinaweza kuwa na vidole kama mkono au kikapanuka kama unyayo, inategemea kimekutana na jiwe gani au mzizi gani huko chini. Ganda lake ni gumu, jeusi-jeusi au kahawia, limepasuka pasuka kama gome la mti, na kina vijimizizi vyembamba vimetawanyika mwilini bila mpangilio, sio kwenye pete kama gimbi na sio kwenye mistari kama kiazi kitamu. Juu kina kichwa kigumu chenye kisiki kidogo pale kamba yake ilipokuwa, maana mmea wake ni wa kutambaa juu ya miti. Chini hakichongoki, kinaishia butu, na kikiwa kimechimbwa kabla hakijakomaa vizuri ile ncha butu inakuwa na rangi iliyopauka kuliko mwili wote kwa sababu ndipo kilipokuwa bado kinakua.

Kwenye picha ya kijana ncha zote mbili zilikuwa zimekatwa na muuzaji ili vikae vizuri kwenye fungu, na vilikuwa virefu vimenyooka, ndo maana wenzangu wakasema muhogo, na siwalaumu. Picha tatu nilizoomba zilikuwa hivi. Ya kwanza, amwombe mama muuzaji aoshe kimoja, akiweke juani sio chini ya turubai, na aweke pembeni yake sarafu ya shilingi 200 ili nijue ukubwa, maana simu inaweza kufanya kiazi cha kiganja kionekane kama cha kilo 3. Ya pili, akwangue ganda kwa ukucha sehemu ndogo tu na apige picha kwa karibu, asitumie flashi kwa sababu ganda likiwa na maji linang'aa na huoni kitu. Ya tatu, pale palipokatwa, na kama kuna kilichovunjika kwenye fungu apige hicho, wauzaji wengi wa mihogo huvunja mmoja makusudi kumwonyesha mteja weupe wake.

Zilipokuja picha jibu likawa wazi. Alipokwangua hakukuwa na ganda la pili la kubanduka, chini ya gome kulikuwa na rangi ya zambarau nyembamba halafu nyama yenyewe moja kwa moja, na ilikuwa imelowa, inateleza kama bamia. Muhogo ukiukwangua unakutana na ganda la pinki au jeupe, gumu, unaweza kulibandua kama ukanda mrefu. Kwenye mkato nako, muhogo una kamti kembamba katikati, ule uzi tunaoutoa ukishapikwa, na hicho kiazi hakikuwa na uzi wowote, nyama ilikuwa sare mpaka katikati. Gimbi ungelikata ungeona vidoadoa vidogo vya nyuzi vimetapakaa. Basi nikamwambia ni kiazi kikuu, na ni bahati yake kwamba aliuliza.

Nasema bahati kwa sababu angekuwa anataka mbegu ya muhogo na kweli angeuziwa mihogo, asingepata kitu shambani. Mzizi wa muhogo hauchipui, tunapanda vipande vya shina. Kiazi kitamu nacho kwa kawaida tunapanda marando, ingawa kiazi chenyewe kikilazwa kitaluni kinachipua na unaweza kupata marando hapo. Gimbi unapanda kile kichwa kilichobaki na vishina vya majani, au vile vitoto vya pembeni, kwa hiyo magimbi ambayo muuzaji ameshayakata vichwa yanakuwa ya kula zaidi kuliko ya mbegu. Kiazi kikuu ndo unaweza kukikata vipande, kila kipande kiwe na ganda lake, na kikaota.

Kuna mambo ambayo picha haiwezi kukuambia hata ikiwa nzuri namna gani, na hapa naomba watu wanielewe. Muhogo mchungu na mtamu huwezi kuutofautisha kwa ganda, nimeona watu wanasema eti wenye ganda la pinki ndo mtamu, sio kweli, usimlishe mtoto muhogo mbichi kwa kuamini rangi. Kama muuzaji hajui umetoka shamba gani, menya, toa ganda la ndani lote, pika vizuri, na kama ni mchungu unatakiwa uuloweke au uuvundike kwanza kama wanavyofanya watu wa huko unakolimwa. Ugonjwa wa michirizi kahawia nao unakaa ndani, mzizi unaweza kuwa mzuri kwa nje na ukikata unakuta madoa makavu ya kahawia kama kizibo.

La pili ni viazi vya porini. Jamaa za kiazi kikuu zipo nyingi, nyingine zinaliwa, kusini huko Mtwara na Lindi ming'oko inauzwa sokoni na ni chakula kabisa, lakini nyingine zina sumu na watu wanaozila wakati wa njaa wanaziloweka siku kadhaa kwanza. Mtu akikutumia picha ya kiazi alichochimba msituni usimwambie "hicho ni kiazi kikuu, pika". Mwambie alete majani na kamba yake, au amuulize mzee wa hapo hapo anayekijua.

Na magimbi yapo ya aina mbili yanayouzwa pamoja, hili la kawaida na lile ambalo wanakula vile vitoto vilivyochongoka kama peasi. Kwa ganda tu ni ngumu kuyatenganisha, yanatofautishwa kwa jani, la kawaida kikonyo chake kimeshika ndani ya jani kwa nyuma, la pili kimeshika pale pembeni kwenye pengo la jani. Kwa anayekwenda kupika haina shida, yote yapikwe yaive kweli kweli, mabichi yanawasha koo.

Kijana alinunua vitatu. Nikamwambia asipande siku hiyo, kwa sababu kiazi kikuu kikishachimbwa kinalala miezi 2 hadi 3 kabla hakijaamka, akiweke kivulini penye hewa mpaka aone kijicho kinatokea kichwani. Juzi akatuma picha nyingine, kijicho kimetoka kama ncha ya penseli, amekata vipande vya gramu 200 hivi, amepaka majivu kwenye mikato na kuviacha kivulini siku mbili, na amechimba mashimo chini ya mringaringa uliopo kwenye kihamba cha babu yake ili kamba zipate pa kupanda.