Pika siku una nguvu, uza siku umelala: mabuyu kwa mtu wa sikoseli

Haya wapendwa, somo la mabuyu ndo hili, mlisumbua sana. Mie nina sikoseli tangu kuzaliwa, nakaa Majengo na mamangu, na kazi za kuajiriwa nshazijaribu, ya mwisho duka moja la nguo, nikaumwa mara tatu mwezi mmoja nikaambiwa nisirudi. Sikuwa mvivu. Shida ni kuwa kazi ile inataka nguvu zako za leo, leo hiihii, na mimi zangu za leo sizijui mpaka niamke. Kwa hivo nikatafuta kitu ambacho nguvu za Jumanne zinaweza kuwekwa kabatini zikauzwa Jumamosi nikiwa kitandani. Sambusa, keki, zote hizo hazikai, sambusa ya juzi nani ataila? Mabuyu yanakaa.

Hatua ya kwanza, kabla hujanunua hata robo kilo, ni daftari. Siku 30, kila usiku weka alama moja: nzuri, nusu, au kulala. Usiandike insha. Mwezi wangu wa kwanza ulitoka nzuri 13, nusu 11, kulala 6. Halafu kumbuka, muulize na mtu wa nyumbani maana sisi husahau, ni lini ulilala mfululizo mrefu zaidi mwaka huu. Mimi ilikuwa siku 12, pamoja na wodi. Hiyo 12 ndo namba muhimu kuliko zote, ntairudia.

Hatua ya pili, gawa kazi kwa nguvu zake. Kupika ni kwa siku nzuri tu. Kujaza vikopo, kubandika lebo, kuhesabu, hizo za siku ya nusu, unakaa mkekani na pangaboi linazunguka. Siku ya kulala unajibu wasap na kuangalia pesa iliyoingia, basi. Nimefungua Pochi la Biashara ili pesa ya mabuyu isichanganyike na ya dawa, manake zikiwa pamoja mie hula mtaji bila kujua.

Sasa jikoni. Kipimo changu ni mabuyu kilo 1, sukari robo tatu kilo, maji vikombe 2, pilipili ya unga kijiko cha chai kimoja, iliki ya kusaga kijiko kimoja, chumvi kidogo, na rangi ya chakula, nasema ya chakula, kuna watu wanatia vitu vya kutisha. Kwanza chekecha mabuyu utoe unga uliolegea na vijinyuzi, ule unga usitupe, tengeneza juisi. Chemsha sukari, maji, rangi na viungo mpaka iwe shira. Utajuaje? Chota tone kwa mwiko, liache lipoe, libane kwa vidole viwili uachanishe, likivuta uzi mmoja mwembamba ndo yenyewe. Bila uzi bado ni maji, na hapo ndo wengi wanaharibu. Ukichelewa ukaipita, sukari inarudi chengachenga, mabuyu yanakuwa kama yana mchanga. Punguza moto, mwaga mabuyu, geuza polepole kila moja lipate, yakianza kuachana na kugongana sufuriani, epua umwage kwenye sinia pana. Mimi huyaacha usiku kucha yamefunikwa kwa kitambaa chepesi, kisha asubuhi nafunga. Usifunge ya vuguvugu! Mvuke unashika kifuniko, unarudi chini kama maji, wiki mbili baadae kikopo kina ukungu.

Nakaa kwenye stuli nikigeuza, na chupa ya maji ya lita iko mkononi kwangu. Kwetu sisi upungufu wa maji mwilini unaamsha maumivu, na jiko na joto la kaskazi vinakukausha hata huhisi. Chupa ikiisha na bado nina sufuria motoni, nazima jiko, najaza chupa, nakunywa, naendelea. Na ni sufuria 2 tu kwa siku, hata nikijihisi naweza 5. Kosa letu siku nzuri huwa tunalipiza za nyuma zote, kesho yake tunalala siku nne. Nimelifanya hilo sana mpaka mamangu akaficha sukari.

Vifungashio: nilianza na vifuko vya nailoni nikakatazwa na mwenye duka, mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017 na hataki matatizo. Nikahamia vikopo vigumu vya kifuniko. Vina gharama lakini kwa unyevunyevu wa hapa Mombasa vimeniokoa, mabuyu yakiachwa wazi hapa karibu na bahari jioni yashaanza kunata.

Hesabu ya sufuria moja, bei ni za mara ya mwisho niliyonunua: mabuyu 150, sukari 120, viungo na rangi 40, gesi 40, vikopo 10 vya 15 ni 150, lebo 20. Jumla 520. Inatoka vikopo 10 vya gramu 150, na kinachobaki cha kuonja watoto wa jirani. Nikiuza mwenyewe 100 kila kimoja napata 1,000, yaani 48 kwa kikopo. Nikimpa mwenye duka namuuzia 80, inabaki 28. Nauza kama 100 kwa mwezi, nusu kwa nusu, kwa hivo 2,400 na 1,400, jumla 3,800. Sio mshahara, sitawadanganya. Inalipa dawa, nauli ya kliniki na bando, na sijamwomba mtu. Na angalia hapa: vikopo 100 ni sufuria 10, sufuria 10 ni siku 5 za kupika. Nina siku nzuri 13. Zilizobaki ni zangu, naishi.

Sasa ile 12. Vikopo 100 kwa mwezi ni kama 3 na kitu kwa siku, mara siku 12 inakuja 40. Kwa hivo kabatini vikopo visishuke chini ya 40. Vikifika hapo, siku nzuri ya kwanza inayokuja napika, mambo mengine yote yanangoja. Nikiugua siku 12, duka la kona linaendelea kupata, wa wasap wanaendelea kupata. Mamangu hajui kusoma sana, akitoa kikopo anachora mstari kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati, wa tano unakatiza ile minne. Kijana wa boda anapitia Jumanne na Ijumaa tu, nauli ni ya kastoma. Na kikopo kilichopita wiki 6 siuzi, tunakula wenyewe, kwa hivo kipya kinaingia nyuma, cha zamani mbele.

Sheria hii nimeilipia. Mwaka wa kwanza nilichukua oda ya vikopo 60 vya harusi na pesa ya awali nikala, kabatini sina hata kimoja. Siku mbili kabla maumivu yakanishika mgongo na miguu, nikamtuma binamu apike, akaunguza sufuria tatu mfululizo, bibi harusi analia kwenye simu, nikarudisha pesa kwa mkopo. Tangu siku ile siuzi kisichopo kabatini. Mtu akitaka 60 na ninavyo 70 namwambia leo ntakupa 30, zingine zikipikwa ntakuita. Wengine hukasirika, wengi hungoja. Kabla ya Ramadhani naongeza siku moja ya kupika kila mwezi miezi miwili nyuma, na kabla ya baridi ya kusi pia, manake Juni mpaka Agosti mimi huumwa zaidi.

Homa ikinipata siangalii daftari wala kabati, naenda hospitali siku hiyohiyo. Kwa sikoseli homa sio ya kumeza panadoli na kungoja.

MASWALI

Mama Likoni: Dada asante, mie nina lupasi, nilikuwa nataka achari ya embe ndo inaenda sana kwetu. Yafaa?

Inakaa vizuri, tatizo lake ni kuanika, na jua ndilo linaloamsha lupasi. Ukiwa na mtu wa kuanika na kuanua, sawa, wewe ushike viungo na mafuta ndani. Ukiwa peke yako fanya bizari ya pilau, unanunua Markiti viungo vilivyokwisha kauka, unakaanga kidogo jioni, unapeleka mashineni.

Mzee wa Kisauni: Mimi baridi yabisi, vidole asubuhi havikunjiki kabisa binti yangu. Huo mwiko ntaushika vipi?

Shikamoo mzee. Usipike asubuhi, wengi wa baridi yabisi vidole hulegea kadiri siku inavyokwenda, daftari litakuonesha saa yako. Pika nusu kilo badala ya kilo, mwiko mrefu uuzungushie kitambaa mshiko uwe mnene. Kugeuza mwisho ndo kuzito, mpe mjukuu, na umlipe hata 50, uiandike kwenye gharama, usije ukaona faida ambayo ni jasho la mtoto.

Saumu wa Tudor: Yangu yalitoka mazuri, siku ya tatu yakashikana bonge. Nilingoja usiku kucha kama ulivyosema.

Ulikuwa na uzi au ulikisia? Na sinia lilikuwa limejaa? Yakirundikana ya chini hayapumui. Yarudishe kwenye sufuria moto mdogo ugeuze mpaka yagongane tena, tandaza safu moja. Yakiwa na harufu ya chachu usiyaokoe, tupa.

Kijana wa Bamburi: Ukitaka kuingiza supamaketi?

Hapo watakuuliza alama ya KEBS, leseni ya kaunti na cheti cha afya cha mshika chakula, ambacho unapimwa upya kila miezi 6. Cheti cha afya mimi ninacho, chukua hata kama unauza mlangoni. Supamaketi sijaenda, na sababu kubwa sio karatasi, wao wanataka mzigo tarehe yao.

Dada Mkubwa: Mdogo wangu ana kifafa, miaka 22, anapenda sana kupika na anataka kuanza wiki hii. Nimwache?

Jikoni peke yake hapana dada. Shira ni moto kuliko maji yanayochemka na ikimwagikia inaganda kwenye ngozi, haitiririki. Wewe pika, yeye awe bwana wa kabati: kujaza, kupima gramu 150, lebo, kuhesabu mistari, kujibu kastoma. Na mizani mnunulie ya kwake.