Masafa ya uhakika ya ROAS pale oda moja inapobeba theluthi ya mapato

Kampeni ya matangazo imekula 1,200 na kuleta mapato ya 3,600. Dashibodi inaandika ROAS 3.0, yaani mapato yaliyogawanywa kwa gharama ya matangazo. Ukifungua orodha ya mauzo unakuta oda 60 tu kutoka kwenye mibofyo 4,000: oda 59 zina wastani wa kama 41 kila moja, na moja peke yake ni 1,200. Iondoe hiyo, ROAS inashuka hadi 2.0.

Tunachotaka kujua ni kiasi gani hiyo 3.0 ingeyumba kama bahati ingeangukia kwingine. Njia ninayotumia ni butstrapu: unachota upya kutoka data ileile, kila ulichochota unakirudisha kabla ya kuchota tena, unapiga hesabu ya ROAS, kisha unarudia mara elfu kadhaa.

Hatua ya 1: Andaa jedwali la mibofyo, si la oda

Hapa ndipo wengi huteleza, na mimi niliteleza kwa muda mrefu. Kila mbofyo uwe na mstari wake wenye safu mbili, gharama na mapato. Mibofyo 3,940 isiyozaa oda inabaki mle ndani, mapato yake yakiwa sifuri.

Ukichota kutoka kwenye oda 60 pekee, kila mzunguko utakuwa na oda 60 kamili, kana kwamba idadi ya wanunuzi ilipangwa tangu mwanzo. Haikupangwa. Wangeweza kuwa 48 au 73, na mtikisiko huo ni sehemu ya shaka unayoipima.

Kama mtu mmoja hubofya mara kadhaa kabla ya kununua, jumlisha mibofyo yake yote iwe mstari mmoja wa mteja, kwa sababu mibofyo hiyo haijitegemei.

Hatua ya 2: Chota upya

```python
import numpy as np
rng = np.random.default_rng(7)
n, B = len(mapato), 10000
roas = np.empty(B)
for b in range(B):
    i = rng.integers(0, n, n)
    roas[b] = mapato[i].sum() / gharama[i].sum()
print(np.percentile(roas, [2.5, 97.5]))
```

`mapato` na `gharama` ni safu za `numpy` zenye urefu sawa. Angalia kwamba `i` ileile inatumika juu na chini ya mgawanyo, ili gharama ya mbofyo ifuatane na mapato yake. Na tunagawanya jumla kwa jumla. Wastani wa ROAS ya kila mbofyo ni kitu kingine kabisa.

Hatua ya 3: Soma masafa

Kwa data hii masafa ya 95% yanatoka karibu 1.5 hadi 5.4. Nikichota oda pekee napata karibu 1.8 hadi 5.1. Tofauti inaonekana ndogo mpaka uiweke kando ya faida. Tuseme faida ghafi ni 60% ya mauzo: ili usile hasara unahitaji ROAS ya 1 ÷ 0.6, yaani 1.67. Njia ya oda pekee inakuambia uko salama. Njia ya mibofyo inakuambia hasara bado inawezekana.

Hatua ya 4: Chora histogramu kabla ya kuamini chochote

Usiruke hatua hii. Hapa hutaona kilima kimoja, utaona vilima kadhaa: karibu na 2, na 3, na 4, kisha kingine kidogo karibu na 5. Vimetengana kwa 1.0 kwa sababu oda kubwa ni 1,200 na gharama ni 1,200. Katika kila mzunguko oda hiyo ina uwezekano wa karibu 37% wa kutochotwa kabisa, karibu 37% wa kuchotwa mara moja, na karibu 18% wa kuchotwa mara mbili. Kilima utakachoangukia kinaamuliwa na oda moja.

Ukiona vilima hivyo, jua kwamba namba za masafa ni za kukadiria tu, na kwa kawaida ni finyu kuliko shaka halisi. Butstrapu haiwezi kuchota oda ya 3,000 ambayo haijawahi kutokea kwenye data yako. Kuongeza `B`, idadi ya mizunguko, hadi 100,000 hakusaidii. Kunalainisha mchoro tu. Kinachosaidia ni siku zaidi za data, mpaka oda kubwa ziwe kadhaa na vilima vianze kuungana.

Hatua ya 5: Rudia bila oda kubwa

Weka sifuri kwenye mapato ya mstari ule, acha gharama yake, endesha upya. Yanatoka karibu 1.4 hadi 2.6. Si mbadala wa jibu la kwanza, maana oda ile ilikuwa ya kweli na pesa ziliingia. Naandika yote mawili kwenye ripoti: "ROAS 3.0, masafa 1.5 hadi 5.4, bila oda moja ya 1,200 ni 2.0, masafa 1.4 hadi 2.6." Bosi akisoma hapo, mara nyingi anaacha kuuliza kama tuongeze bajeti maradufu na anauliza ile oda ilitoka wapi.