Pawabenki ya 30000 mAh? Piga hesabu kabla ya kwenda JKIA

Wiki jana nilikuwa nampakia dada yangu mzigo wa safari, nikagundua watu wengi tunasoma namba isiyo sahihi kwenye pawabenki. Ndege haiangalii mAh, inaangalia wati-saa, yaani Wh, na kikomo ni 100. Zidisha mAh kwa volti 3.7, ugawanye kwa 1000. Ya 20000 inatoa 74, inapita. Ya 30000 inatoa 111: hiyo uombe kibali cha shirika la ndege kabla ya safari. Ikizidi 160, iache nyumbani. Usitumie ile 5V iliyoandikwa kwenye tundu la kuchajia simu, maana itakupa hesabu kubwa kuliko ilivyo.

Iweke kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye sanduku la kukabidhi kaunta. Betri ya lithiamu ikishika moto hujichochea yenyewe, seli moja ikiwasha nyingine. Ndani ya kabini wahudumu wataona moshi na kuimwagia maji. Kule chini kwenye mizigo hakuna mtu. Kwa hiyo wakikuchukulia begi mlangoni mwa ndege kwa kukosa nafasi, itoe kwanza.

Hesabu hii haisaidii kama maandishi yamefutika kwa kukwaruzwa na funguo, au kama ni zile za bei rahisi zinazojidai 50000 mAh. Hata kama ndani hazifiki nusu, mkaguzi anasoma kilichoandikwa: 185 Wh. Inabaki kwake.